Osileta ya Hartley: tawi la koili likae mzunguko wa 50, wa 25, wa 10 au wa 5?

Osileta ya Hartley ni sakiti inayozalisha mawimbi kwa transista moja na koili yenye tawi, yaani waya unaotolewa katikati ya mizunguko yake. Swali lake si kama itapiga. Hata koili iliyofungwa ovyo hupiga. Swali ni wapi utoe tawi, kwa sababu hapo ndipo unapoamua mambo mawili kwa mpigo: transista inahitaji nguvu kiasi gani ili ianze, na masafa yatayumba kiasi gani ukiunganisha waya wa kutolea mawimbi. Mambo haya huvutana. Hapa tunalinganisha matawi kwenye koili moja, ili ukae na namba badala ya kukisia.

Koili yenyewe ni ya kazi ya kawaida mezani: osileta ya megahezi 1 ya kupimia redio za masafa ya kati. Chukua kipande cha bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, kipenyo cha nje milimita 25. Waya ni ule wa shaba wenye vanishi wanaotumia mafundi wa kufunga mota, unene wa nusu milimita. Tanga utaupata Ngamiani kwa wanaofunga mota upya, wakuuzie mabaki. Zungusha mara 100, waya ukigusana na wenzake. Urefu wa koili utatoka kama sentimita 5.5, na induktansi yake kwa hesabu ni mikrohenri 97.

Upande wa chini wa koili unakwenda ethi. Upande wa juu unakwenda kwenye geti ya transista ya FET, 2N3819, kupitia kapasita ya pikofaradi 47, na geti ina rezista ya kilo-omu 220 kwenda ethi. Sosi inakwenda moja kwa moja kwenye tawi. Dreini inakwenda kwenye volti 8 kutoka kidhibiti volti cha 78L08, na ina kapasita ya nanofaradi 100 kwenda ethi, ili kwa mawimbi dreini nayo iwe ethi. Sambamba na koili nzima kuna kapasita ya masafa, C.

Masafa kwanza, maana ni rahisi

Tawi linaigawa koili vipande viwili: L1, kutoka geti hadi tawi, na L2, kutoka tawi hadi ethi. Kwa sababu vimefungwa kwenye bomba moja, sumaku ya kimoja inapita ndani ya kingine, na hiyo ndiyo induktansi ya pamoja, M. Mkondo uleule unapozunguka kwenye tangi, yaani koili na kapasita, volti ya kila kipande hupata mchango wake na mchango wa mwenzake. Jumla ya koili inakuwa:

```
L = L1 + L2 + 2M
f = 1 / (2π √(L·C))
C(pF) = 25330 / ( f(MHz)² · L(µH) )
```

Kwa L ya 97 na f ya 1, C ni pikofaradi 261. Weka kapasita ya 220 isiyobadilika na joto (aina ya NP0), trima ya 5 hadi 45, na hesabu kama 15 za transista na nyaya. Angalia kwamba fomula haijataja tawi popote. Ukihamisha tawi kutoka mzunguko wa 50 hadi wa 5, L nzima haibadiliki, na masafa yanasogea kidogo tu kwa sababu ya transista. Anayeona masafa yameruka sana baada ya kuhamisha tawi achunguze kama amekwangua vanishi na kugusisha mizunguko miwili: mzunguko mmoja uliojifunga wenyewe hushusha L na kula nguvu.

Ukuzaji wa chini kabisa unatoka wapi

Mkondo wa tangi ukiwa I, na ω ikiwa 2πf, volti ya tawi ni ω(L2 + M)I, na volti ya koili nzima ni ωLI. Uwiano wa hizo mbili tuuite k:

```
k = (L2 + M) / L
```

Sasa tazama FET. Geti inaona volti yote ya tangi, V. Sosi inaona kV. Kinachoiendesha transista ni tofauti yao, (1 − k)V. Transista inajibu kwa kusukuma mkondo wa gm mara hiyo kuingia kwenye tawi; gm ni mkondo ambao transista inaongeza kwa kila volti ya geti, na hupimwa kwa simensi. Tangi nalo lina upotevu wake, tuuchukulie kama rezista R iliyowekwa sambamba na koili nzima. Rezista hiyo ikitazamwa kutoka kwenye tawi inaonekana ndogo, k²R, kama ilivyo kwenye transfoma. Ili mawimbi yasife, mkondo wa transista ukipita kwenye k²R lazima urudishe angalau ile kV:

```
gm · (1 − k)V · k²R  ≥  kV
gm  ≥  1 / ( R · k(1 − k) )
```

Hiyo ndiyo fomula ya kubandika ukutani. Katika mpangilio mwingine, ambao tawi ndilo ethi na dreini iko mwisho wa pili wa koili, vitabu huandika kwamba ukuzaji wa volti lazima uzidi (L2 + M)/(L1 + M), yaani k/(1 − k). Inaonekana sharti tofauti, lakini ukiweka k²R kama mzigo wa dreini unarudi kwenye mstari uleule. Ni osileta moja. Kilichohama ni ethi. Mpangilio wa sosi kwenye tawi una faida ya mkono: kapasita ya kuzungusha inashika ethi upande mmoja, kwa hiyo masafa hayakimbii ukiigusa. Ralph Hartley aliomba hataza yake mwaka 1915, akapewa mwaka 1920, enzi za valvu. Hesabu ya tawi ni hii hii kwa FET, maana geti, kama gridi ya valvu, karibu haivuti mkondo.

R tunaipata hivi. Kwa megahezi 1 koili yetu ina riaktansi ya omu 609. Upotevu wa koili hupimwa kwa Q: ikiwa kubwa, upotevu ni mdogo, na R ni Q mara riaktansi. Koili ya namna hii ikiwa kavu ina Q ya 100 au zaidi, tuchukue 100: hiyo ni kilo-omu 61. Sambamba yake kuna rezista ya geti ya 220, basi zote mbili pamoja zinakaa kama kilo-omu 48.

Mtego: mizunguko 5 kati ya 100 si asilimia 5

Watu wengi huhesabu k kwa mizunguko. Kwenye koili iliyofungwa kwenye ringi ya feraiti hilo linakaribia ukweli, kwa sababu sumaku karibu yote inapita kila mzunguko. Kwenye bomba tupu sivyo. Mizunguko ya mwishoni inapata sumaku pungufu kuliko ya katikati, kwani mistari ya sumaku inatawanyika ikitoka kwenye mdomo wa koili. Katikati kabisa k ni nusu kamili, kwa kuwa pande mbili ni sawa. Kadiri tawi linavyosogea kwenye ethi, ndivyo k halisi inavyobaki nyuma ya hesabu ya mizunguko.

Kwa nadharia k inapatikana kutoka kwenye induktansi tatu: (L + L2 − L1) / 2L. Kwa tawi la 5, L1 ni 91.35, L2 ni 1.25, na k inatoka 0.036, si 0.05. Lakini usijaribu kuipima hivyo kwa mita ya kawaida. Unatoa 91 kwenye 97, na kosa la asilimia 1 la mita linatosha kuharibu jibu lote. Njia nzuri ni osiloskopu: peleka mawimbi ya megahezi 1 kwenye koili kwa kitanzi kidogo cha waya kilicho mbali kidogo, kisha linganisha volti ya tawi na volti ya juu kwa probu ya mara 10. Uwiano huo ndio k.

Kwa koili hii, mambo yanakaa hivi. Safu ya nne ni gm ya transista ikigawanywa kwa gm ya chini, na inachukulia 2N3819 dhaifu kuliko zote zinazoruhusiwa, yenye gm ya milisimensi 2. Safu ya mwisho ni kuhama kwa masafa ukiunganisha nusu mita ya kebo ya koaksi, karibu pikofaradi 50, moja kwa moja kwenye sosi.

| Tawi (kutoka ethi) | k halisi | gm ya chini (mS) | Ziada | Masafa huhama |
|---|---|---|---|---|
| 50 | 0.50 | 0.083 | mara 24 | kHz 23 |
| 25 | 0.23 | 0.12 | mara 17 | kHz 5 |
| 10 | 0.079 | 0.29 | mara 7 | Hz 600 |
| 5 | 0.036 | 0.61 | mara 3.3 | Hz 120 |
| 2 | 0.013 | 1.6 | mara 1.2 | Hz 16 |

Safu ya mwisho inafuata k²: pikofaradi 50 kwenye tawi la katikati zinaonekana na tangi kama 12.5, na kwenye tawi la 5 kama 0.064.

Katikati: inaanza kila mara, kisha inasumbua

Tawi la 50 linahitaji gm ndogo kuliko mengine yote, kwa sababu k(1 − k) hufikia kilele pale k ikiwa nusu. Ndiyo maana michoro mingi huchora tawi katikati. Ila ziada ya mara 24 lazima iende mahali. Volti ya tangi inakua kufuata mkondo wa mawimbi mara k mara R. Kwa miliampea 2 za mawimbi ingefika volti 48. Haifiki, kwa sababu sosi haiwezi kupanda kupita volti 8 za dreini, na tangi linakwama karibu volti 16. Hapo kilele cha mawimbi kinabanwa na masafa yanayumba na volti ya dreini. Kibaya zaidi, geti inajipatia volti hasi ya kudumu na bado inashuka na mawimbi, hadi tofauti kati yake na dreini ipite volti 30. 2N3819 inaruhusu 25.

Katikati kuna kazi yake: koili yenye Q mbovu, kama ile ya kigunduzi cha metali iliyo bapa karibu na udongo wenye unyevu, au transista ya kawaida kama BC547. Hii ya pili inastahili neno. BC547 ikipitisha miliampea 1 ina gm ya milisimensi 38, kwa hiyo kuanza si shida. Shida ni mlango wake: kwa beta ya 200, kati ya bezi na emita kuna kilo-omu 5 tu. Ukiweka tawi la 5, hizo kilo-omu 5 zinakaa sambamba na karibu koili yote na Q inaporomoka chini ya 10. Tawi la katikati linazigeuza kuwa kama 21 zikitazamwa na tangi. Si nzuri sana, lakini inavumilika, na ukishusha mkondo hadi miliampea 0.2 unapata nafuu ya mara tano.

Tawi la 25: maelewano yasiyo na sababu

Kwa FET, tawi la 25 halikupi kitu. Ziada bado ni kubwa mno na kebo bado inahamisha kilohezi 5. Lichague tu ikiwa unaendesha kwa volti 3 na FET isiyojulikana.

10 dhidi ya 5: hapa ndipo uamuzi ulipo

Tawi la 10 lina ziada ya mara 7 hata kwa transista dhaifu. Tawi la 5 lina mara 3.3, na linaituliza osileta mara tano zaidi dhidi ya mzigo. Kwenye meza kavu, tawi la 5 linashinda bila ubishi: tangi linakaa kwenye volti 5 hivi, mawimbi ni safi, na transista inagusa koili kidogo tu.

Lakini koili ya Tanga haikai kavu. Masika ikiingia, bomba na vanishi vinanyonya unyevu, na upepo wa baharini unaacha chumvi kati ya mizunguko. Tuchukulie Q imeshuka kutoka 100 hadi 50. R inashuka kutoka 48 hadi kama 27. Tawi la 10 sasa linahitaji 0.51, bado ziada ni mara 4. Tawi la 5 linahitaji 1.1, ziada mara 1.8: inaanza, kwa kujivuta. Tawi la 2 linahitaji 2.9, na transista ya milisimensi 2 haitikisiki kabisa. Hii ndiyo osileta inayopiga mchana wa jua na kunyamaza asubuhi yenye ukungu, na watu huilaumu betri.

Kwa hiyo kanuni tunayoitumia: pima R katika hali mbaya unayoitarajia, kisha chagua tawi lililo chini kuliko yote ambalo bado lina ziada ya mara 2 hadi 3. Ukiipaka koili, chagua 5. Ianike juani siku nzima, kisha ichovye kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyuka ikiwa bado ina joto. Nta haili mawimbi kama gundi nyingi zinavyofanya. C itaongezeka kidogo, trima itarekebisha. Usipoipaka, au kama FET imetoka kwenye mfuko usio na jina, chagua 10.

Kabla ya kuamua, pima FET yako. Unganisha geti na sosi pamoja, weka volti 8 kwenye dreini, soma mkondo: huo ni IDSS. Kisha tafuta volti hasi ya geti inayoukata, Vp. Gm ya kuanzia ni 2·IDSS/|Vp|. Kwa miliampea 8 na volti 3 unapata milisimensi 5.3, na hapo tawi la 5 lina ziada ya mara karibu 9 likiwa kavu. Angalia pia mpangilio wa miguu kwenye karatasi ya mtengenezaji husika, maana miguu ya 2N3819 haifanani kwa wote.

Kujua kama inapiga, bila osiloskopu

Weka ampea mita kwenye waya wa dreini. Osileta isiyopiga inavuta IDSS yote, tuseme miliampea 8. Ikianza kupiga, geti inajipa volti hasi na mkondo unashuka hadi 1 au 2. Gusa juu ya koili kwa kidole: kidole kinaua mawimbi na mkondo unaruka kurudi 8. Mkondo usiposhuka, angalia kwanza ikiwa umehesabu mizunguko kutoka upande wa geti badala ya ethi. Kosa hili linadanganya, kwa sababu k(1 − k) haijali upande: tawi la 95 linahitaji gm ileile ya tawi la 5 na osileta inapiga. Ila geti na sosi zinapanda pamoja, tofauti yao ni chembe, geti haipati volti hasi ya maana, na mkondo unabaki juu.

Kama unasikia redioni mngurumo au filimbi nyingi zilizopangana kilohezi kadhaa badala ya toni moja, osileta inakatika na kuanza upya. Hutokea ziada ikiwa kubwa na geti ikawa nzito kujiondolea chaji. Kwetu pikofaradi 47 na kilo-omu 220 hutoa mikrosekunde 10, wakati tangi lenyewe hufifia kwa 25, kwa hiyo geti inawahi. Aliyebadilisha rezista kuwa megaomu 1 na kapasita kuwa 100 amefikia mikrosekunde 100, na ameutafuta mngurumo mwenyewe.

Usipotaka kufunga koili

Indukta mbili za dukani, 82 na 10, zikiunganishwa mfululizo zinafanya kazi. Zisimamishe kwa pembe mraba ili M iwe karibu sifuri; k inakuwa L2/L tu, 10/92, yaani 0.11. C inakuwa pikofaradi 275. Q zao huwa ndogo, tuseme 50, na gm ya chini inatoka 0.4, ziada mara 5. Zinaanza bila shida na hazijali unyevu kama koili ya bomba, lakini joto linazihamisha zaidi. Zikilazwa sambamba zikikaribiana, M inarudi, na ikiwa moja imegeuzwa inatolewa badala ya kujumlishwa: L inapungua, masafa yanapanda, na k inaweza kushuka hadi osileta ikakataa kuanza. Geuza moja, au ziwekee pembe.

Kwa kutoa mawimbi, tumia kitanzi cha mizunguko 2 karibu na upande wa ethi, au pikofaradi 4.7 kutoka sosi kwenda kwenye hatua ya pili. Kebo isiguse sosi moja kwa moja, hata kwenye tawi la 5, ukitaka namba ya Hz 120 isikuhusu kabisa.